Aibu ya kutaja bei: maneno machache kuhusu mwaka wangu wa kwanza

Ndugu mwenyekiti, dada na kaka zangu mnaojitafutia kazi wenyewe, mbukwenyi, na habari za jioni kwa wageni ambao salamu hiyo bado hamjaizoea.

Nimepewa dakika tano nizungumzie makosa ya mwaka wa kwanza. Yapo ya kutosha kutukesha hapa, lakini kila nikiyachambua naona kwamba mengi yalizaliwa na jambo moja, nalo ni kwamba nilikuwa naona aibu kutaja habari za fedha na kuziandika kabla sijaigusa kazi.

Mimi ni msanifu wa kurasa. Nilipoacha ajira na kupanga chumba Area C hapa Dodoma, niliamini kwamba mji uliohamiwa na wizara hauwezi kukosa ripoti za kupanga, na hilo halikuwa kosa. Mwezi Machi ofisi moja ya washauri ilinipigia simu ikinitaka niipange ripoti ya tathmini yenye kurasa 64. Tukakubaliana shilingi 800,000 kwa mdomo, nami nikafunga mazungumzo kwa kusema, "Hamna shida, tutaelewana," maneno ambayo leo nikiyasikia kwa kijana anayeanza kazi hunishtua.

Kuelewana kwenyewe kulikuwa hivi: majedwali yalibadilishwa, picha zikaondolewa zikarudishwa, sura nzima ikaongezwa, na faili nililokabidhi hatimaye liliitwa `ripoti_mwisho_kabisa_9.pdf`. Kurasa zilifika 91 na bei ikabaki pale pale, kwa sababu hapakuwa na mahali palipoandikwa kwamba kurasa ni ngapi na marekebisho ni mara ngapi. Siwalaumu sana, maana shamba lisilo na alama hata jirani mwema hulilima akapitiliza.

Kazi niliikabidhi mwanzoni mwa Juni, lakini ankara niliipeleka tarehe 27, baada ya kuona haya kwa takriban wiki tatu. Naona wenyeji mnacheka. Mwaka wa fedha wa Serikali hufungwa tarehe 30 Juni, na mteja wa washauri wale alikuwa taasisi ya umma; malipo yasiyowahi siku hiyo yanaweza kulala hadi fedha za bajeti mpya zianze kutoka. Nililipwa katikati ya Septemba. Kodi ya chumba, ambayo mwenye nyumba huipokea kwa miezi sita, ilikuwa inadaiwa tangu Julai, na aliyeniokoa ni dada yangu wa Kondoa, ambaye mpaka leo kwenye vikao vya familia hasahau kuulizia ile ajira niliyoiacha.

Fedha zilipoingia zilikuwa shilingi 760,000. Nilipiga simu nikiwa nimewaka, nikidai kwamba nimeibiwa 40,000, na mhasibu wa ofisi ile akanisikiliza mpaka nilipoishiwa pumzi. Kisha akanieleza taratibu kwamba ile ni kodi ya zuio, asilimia 5 ya ada ya huduma, na kwamba mlipaji anatakiwa kuikata na kuipeleka TRA kwa niaba yangu. Akaniuliza kama nilikuwa nimeomba cheti chake. Sikuwa nimeomba, na kwenye ankara sikuwa nimeandika hata TIN. Wenzangu, ombeni cheti hicho kila mnapokatwa, kwa kuwa kiasi hicho hupunguzwa kwenye kodi yenu wenyewe mnapowasilisha ritani.

Makosa mengine nayataja kwa kupita. Fedha za wateja, za vocha na za mboga zilikaa kwenye laini moja ya simu, hivyo sikujua kama napata au napoteza. Vilevile niliwahi kushusha bei ili nimnyang'anye mwenzangu mteja. Yumo humu ndani na nilishamwomba radhi.

Siku hizi siwashi kompyuta kabla karatasi moja haijasainiwa. Inataja idadi ya kurasa, marekebisho ya awamu mbili, bei ya kila rekebisho linalozidi hapo, nusu ya malipo kabla ya kuanza, na ankara siku ile ile ya kukabidhi. Mwaka jana wateja wawili walikataa kutanguliza nusu, na mmoja wao alirudi baadaye. Kwa taasisi za umma malipo ya awali mara nyingi hayawezekani, kwa hiyo huko nagawa kazi kwa hatua, kila hatua na ankara yake, nami hujitahidi ya mwisho iwe imefika kwao kabla ya katikati ya Mei.

Nakala za karatasi hiyo nimeziweka mezani, karibu na chupa za chai. Chukueni na mbadilishe mtakavyo. Kipengele cha tatu kina kosa la tahajia nililoligundua nikiwa kwenye bajaji, mtanisamehe. Asanteni kwa kunisikiliza.