Uthibitisho wa oda: singa za mkonge tani 75, FOB Tanga

Tanga, Jumatatu 2 Februari 2026

Bwana Nassor,

Wa alaykum salaam. Barua pepe yako ya Alhamisi nimeipata, na picha za dari za jasi kutoka karakana yako pia nimeziona. Ninaandika yale tuliyokubaliana kwa simu na kwa ujumbe, yakae mahali pamoja kabla sijakutumia profoma. Soma taratibu, hasa sehemu ya meli, maana huko ndiko wauzaji na wanunuzi wengi hugombania.

Nianze na kiasi. Uliomba tani 80. Robota letu moja lina kilo 250, na kontena la futi 40 refu linabeba marobota 100, yaani tani 25. Tani 80 zingekulazimu kulipia kontena la nne lenye marobota 20 tu, na nauli ya kubeba hewa haina maana. Kwa hiyo tumeshika tani 75, marobota 300, makontena 3:

UG: marobota 200, tani 50, dola 1,480 kwa tani, jumla dola 74,000
3L: marobota 100, tani 25, dola 1,620 kwa tani, jumla dola 40,500
Jumla kuu: dola 114,500

Hatuchanganyi madaraja ndani ya kontena moja: UG makontena mawili, 3L moja. Uzito unaweza kuzidi au kupungua kwa asilimia 2, na utalipa uzito halisi wa mizani siku ya kupakia.

Sasa ubora. Singa za 3L zitakuwa na urefu wa sentimita 90 kwenda juu, zimepigwa brashi, hazina mafundo wala vipande vya jani visivyochakatwa. Rangi yake ni ya maziwa hadi manjano hafifu. UG ni sentimita 60 kwenda juu. Rangi yake haiwi sawa kila mahali, na utakuta singa ambazo mashine ya korona haikuzisafisha vizuri kama za 3L. Ndiyo maana bei yake iko chini. Ukinunua UG usitarajie weupe wa 3L, hilo naomba na fundi wako mkuu alijue. Unyevu usizidi asilimia 13 kwa madaraja yote mawili. Tutaupima kwa kipima unyevu siku ya kupakia, robota kumi kutoka kila kontena, na majibu utayapata kwa picha.

Ulisisitiza mafuta na madoa ya kijani, kwamba mafuta yanazuia jasi isishike na madoa yanatokeza kwenye dari nyeupe. Jumamosi nilishuka ghalani na msimamizi tukafungua marobota mawili ya UG. La kwanza lilikuwa safi. La pili lilikuwa na mafungu mawili yenye utomvu uliokauka karibu na ncha, yale ambayo hayakuoshwa vya kutosha kabla ya kuanikwa. Nimeagiza shehena yako yote ya UG ipitiwe upya, na marobota yafungwe kwa kamba ya mkonge, si waya.

Usafirishaji ni FOB Tanga kwa Incoterms 2020. Kwanza ulitaka bei mpaka Sohar, kisha ukasema wakala wako ana mkataba na kampuni ya meli, kwa hiyo nauli ya baharini na bima ni vyako. Nasi tunabeba haya: kujaza makontena ghalani, kuyafikisha bandarini, forodha ya kutoka Tanzania, gharama za bandari ya Tanga, mpaka makontena yawe juu ya meli. Likianguka kontena kabla ya kupandishwa melini, hasara ni yetu. Likishapandishwa, linalolipata njiani ni la kwako na bima yako. Usiiache bima mpaka meli iondoke, ikate mapema.

Uzito uliothibitishwa wa kila kontena, ule unaodaiwa na kanuni za SOLAS tangu Julai 2016, tutaupeleka sisi kwa sababu sisi ndio wapakiaji. Makontena matupu yataletwa na kampuni ya meli uliyoichagua. Yakifika, vijana wetu wataingia ndani na milango itafungwa: wakiona mwanga unapenya juu, au sakafu ina mafuta, kontena linarudishwa. Siku zitakazopotea kwa kusubiri jingine hazitahesabiwa kwetu.

Mwambie wakala wako aandike wazi kwamba mzigo ni nyuzi kavu za mimea. Baadhi ya kampuni za meli huziingiza kwenye namba UN 3360 na kutaka tamko maalumu. Ni heri tulijue sasa kuliko siku makontena yako getini.

Jambo moja bado halijakaa sawa. Meli kubwa sasa zinafunga gatini Tanga, si kama zamani mzigo uliposhushwa kwa matishari, lakini si kila kampuni ya makontena inapita hapa. Wakala wako akipata nafasi Dar es Salaam badala ya Tanga, bei hii haitumiki: itakuwa FOB Dar es Salaam na tutaongeza dola 850 kwa kila kontena kwa ajili ya lori. Mombasa sikushauri. Kwenye ramani ni karibu, lakini kuvuka Horohoro kunaleta forodha ya nchi ya pili na makaratasi yake. Jibu la hili nalihitaji kabla ya kitu kingine chochote.

Tutapakia kati ya 23 na 28 Februari, na meli iwe kati ya 2 na 10 Machi. Tukichelewa zaidi tutakutana na masika, na sipendi kujaza singa kontenani huku mvua inanyesha. Najua huko Ramadhani itakuwa imeingia na ofisi zinafunga mapema, kwa hiyo nafasi ya meli ishikwe wiki hii. Makontena yakifika bandarini kwa tarehe tuliyopewa na meli yako ikachelewa, gharama za kuhifadhi ni zako.

Malipo: asilimia 30, dola 34,350, ukipokea profoma. Zinazobaki, dola 80,150 au kadiri mizani itakavyosema, ukipata nakala za hati kwa barua pepe. Pesa ikiingia, siku ya pili ya kazi tunatuma hati asili kwa kuria Muscat: ankara, orodha ya marobota, hati za shehena tatu zikionyesha nauli italipwa na mpokeaji, cheti cha asili ya bidhaa kutoka TCCIA, na cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA. Kutoa mzigo Sohar, ushuru wa Oman na lori la kwenda Muscat ni juu yako.

Ukiwa na malalamiko ya ubora, tuma ndani ya siku 14 tangu kontena lifunguliwe, na picha ya namba ya sili kabla haijakatwa. Bila picha hiyo sina la kuwaambia wakubwa zangu. Ukitaka mkaguzi wako awepo wakati wa kupakia, karibu sana, kwa gharama yako.

Naomba jibu kabla ya Alhamisi tarehe 5: bandari ya kupakia, jina kamili la mpokeaji kama litakavyoandikwa kwenye hati, na neno lako kwamba umekubali yaliyobaki. Profoma nitaitoa siku hiyo hiyo.

Nisalimie nyumbani.

Mwanaidi
Mauzo ya Nje, Tanga