Rili ya Mwisho

"Babu, watu tisa tu," kijana wa tiketi alisema mlangoni. "Na wawili wamelala."

"Basi tusiwaamshe."

Mzee akapuliza lango la projekta. Vumbi la Dodoma hilo, jekundu, hata ufunge dirisha litaingia. Akavuta mkanda wa milimita 35 kutoka rili ya juu, akaupitisha kwenye gurudumu, tundu kwa jino, akaacha kitanzi juu ya lango na kingine chini. Ukisahau kitanzi, mkanda unakatika. Picha 24 kwa sekunde si mchezo. Macho yalishamtupa siku nyingi. Vidole ndivyo vilivyoona.

"Kesho wanakuja kupima ukumbi. Eti ghala la saruji."

"Nimesikia. Shika tochi vizuri, unanimulika usoni."

Projekta ya kwanza ilikuwa inaishiwa. Kidoa cheupe kikachomoza juu, kona ya kulia ya pazia. Mzee akawasha mota ya pili, akahesabu kimoyomoyo kwa Kigogo, kama kawaida yake. Kidoa cha pili. Akabadilisha.

Kijana akachungulia dirishani. Chini hakuna aliyegeuza kichwa.

"Hawakuona kitu, Babu."

"Hee! Waone nini?" mzee akasema, akifuta mikono kwenye suruali.