Tathmini ya Utendaji Kazi: Mtunza Ghala Msaidizi, Ghala la Dawa, Hospitali ya Wilaya (1 Julai 2024 – 30 Juni 2025)

Imeandikwa na mfamasia msimamizi wa ghala kwa kamati ya upandishaji vyeo.

Mtumishi alikuwa likizo ya uzazi kwa siku 84, tarehe 3 Machi hadi 25 Mei 2025. Siku hizo zimeondolewa kwenye malengo yake, na kamati isizisome kama pengo la utendaji.

Leja. Hapa ndipo amepiga hatua kubwa. Hesabu ya Julai 2024 ilionyesha dawa 17 kati ya 120 zikitofautiana baina ya leja na rafu. Juni 2025 zilikuwa 4, zote zikiwa na maelezo ya maandishi. Chanzo kilikuwa dawa kuchukuliwa usiku kwa ahadi ya kusaini asubuhi. Desemba alianzisha daftari la zamu ya usiku, na kila saa 2 asubuhi analioanisha na leja. Katika hati 60 za kutolea dawa nilizokagua za Julai hadi Novemba, 5 hazikuwa na saini ya mpokeaji. Katika 60 za Januari, Februari na Juni, ni 1.

Dawa za baridi. Tarehe 14 Novemba 2024, saa 1:45 asubuhi, alikuta jokofu la insulini na oksitosini likisoma nyuzi 11, wakati kiwango ni 2 hadi 8. Alizihamishia jokofu la akiba, akazibandika "zisitolewe", na akanipigia simu ndani ya dakika 20. Hakuzitoa wala kuzitupa. Alisubiri uamuzi wa mfamasia. Daftari la matukio lina saa na idadi yote.

Uagizaji. Oda ya Februari aliiandaa peke yake. Matumizi ya amoksisilini kwa siku 90 yalikuwa pakiti 2,340. Akagawa kwa 3 na kupata 780 kwa mwezi. Lakini kwa siku 12 dawa hiyo haikuwepo rafuni, hivyo hesabu sahihi ni 2,340 ÷ 78 × 30, yaani 900. Dawa ikaisha siku 9 kabla ya mzigo mwingine, na wagonjwa wakanunua nje. Mimi niliidhinisha oda ile bila kuikagua, kwa hiyo kosa si lake peke yake.

Pendekezo. Cheo cha Mtunza Ghala kinadai leja sahihi, usimamizi wa dawa za baridi na uagizaji. Mawili ya kwanza ameyatimiza. La tatu haliwezi kuamuliwa kwa oda moja, na kumpa oda moja tu ni upungufu wangu wa kugawa kazi. Ataandaa oda za Julai, Agosti na Septemba 2025. Zikiwa na wastani uliorekebishwa kwa siku za kukosekana dawa, napendekeza apandishwe 1 Oktoba bila tathmini nyingine.

Maoni ya mtumishi. "Nakubali, isipokuwa saini 5: mbili ni za siku nilizokuwa mapumziko." Nimekagua ratiba ya zamu, ni kweli. Zake ni 3.