Asanteni sana, ndugu zetu na marafiki

Leo ni siku ya tisa tangu tufunge ndoa. Sebule yetu hapa Ilazo bado imejaa zawadi, na kila tunapofungua moja tunaanza upya kukumbuka Jumamosi ile, tarehe 12 Julai 2025. Tumeona tusikae zaidi bila kusema asante.

Kwanza kabisa tunamshukuru Mungu. Kisha wazazi wetu wa pande zote mbili, Mpwapwa na Kiomboi, kwa kutulea na kwa kukaa pamoja tangu siku ya posa kana kwamba mmefahamiana miaka mingi. Baba mdogo, ulisimama mahali pa marehemu kaka yako, ukatubariki kwa maneno ambayo yeye angeyasema. Tulilia wote, unajua. Hatutasahau. Mshenga wetu nawe, safari zako zote za Mpwapwa tumeziweka moyoni.

Kamati ya harusi mlikaa vikao vinane, kila Jumapili baada ya ibada. Mwenyekiti hukuchoka kutukumbusha, na mhazini alisoma hesabu hadi shilingi ya mwisho mbele ya wote. Tunajua mwaka huu mambo ni magumu, na kila mchango ulitoka kwenye mfuko uliokuwa na kazi nyingine. Bibi yetu wa Kongwa alituma elfu tano na debe la karanga. Bibi, karanga zile ndizo wageni walizotafuna wakisubiri maharusi tuingie ukumbini.

Sasa tuseme la Ijumaa usiku, maana wengi mliokuja kesho yake hamkujua. Maji yalikatika mtaa mzima wa Nkuhungu, nyumbani kwa bibi harusi, wakati nyama imeshakatwa na mchele wa watu 350 unangoja kuoshwa. Mama mwenye duka la kona alifungua tangi lake akasema, "Chukueni mpaka likauke." Majirani wakatoa ndoo moja moja, hata wale ambao walikuwa na ndoo hiyo tu. Vijana wa bodaboda waliacha abiria, wakabeba madumu hadi saa nane usiku, na hakuna aliyekubali hata hela ya mafuta. Wakina mama wapishi, mliwasha kuni kwenye ubaridi na upepo ule wa Julai, mkapika hadi kukapambazuka. Anayeishi Dodoma anajua aliyekupa maji amekupa nini. Kila mgeni aliyesifia pilau alikuwa anawasifia ninyi.

Shangazi na mama zetu wa kichen pati na sendofu, tunashukuru kwa mafunzo na kwa vyombo. Wasimamizi wetu, kwaya, matarumbeta, mshereheshaji, wapambaji na aliyetengeneza ndafu: kazi yenu ilionekana na kila mtu. Lakini mturuhusu tuwataje kipekee wakina mama wa Kigogo mlioingia na ngoma za muheme. Wageni wetu wa Kiomboi waliacha viti vyao wakaja kucheza, na mama mkwe ambaye magoti humsumbua alicheza kuliko sote. Tangu hapo haikujulikana tena nani ni wa upande gani.

Waliotoka mbali nao tunawaona. Ninyi wa Dar es Salaam mlioshuka treni ya mwendokasi Ijumaa jioni, na ninyi mliokuja na basi kutoka Singida mkafika na vumbi la safari na vigelegele, Mungu awalipe. Waliokuwa kazini, wagonjwa au safarini tulipata salamu zenu zote, na tulizisoma pamoja usiku wa Jumapili.

Kuna waliotuandikia kwa aibu kwamba hawakumaliza ahadi. Tafadhali msihangaike. Shughuli imekwisha salama, hatuna deni popote, nanyi hamna deni kwetu.

Sufuria mbili kubwa na masinia yenye alama ya rangi nyekundu chini bado yako nyumbani Nkuhungu. Mwenyewe apite wakati wowote, yameshaoshwa. Kuna pia khanga moja mpya na miwani ya kusomea vilivyosahaulika ukumbini, tunavyo sisi. Picha zikikamilika tutaziweka kwenye kundi la wasapu la harusi kabla kundi halijafungwa.

Mlango wetu hapa Ilazo uko wazi kwenu. Njooni tule ugali na mlenda, na mkija Jumapili mtatukuta wote wawili.

Wenu wanaowapenda,
Neema na Yohana