YAH: Pendekezo la kolabo ya kulipwa kati ya duka la Kilua Vipodozi na Zuu wa Ngamiani

Kilua Vipodozi,
Barabara ya 12, Ngamiani,
Tanga.

12 Januari 2026

Kwa Bi. Zuhura Salehe (Zuu wa Ngamiani),
Makorora, Tanga.

Assalaam alaykum mdogo wangu Zuhura,

Natumaini hujambo, na nyumbani wote wazima. Mimi ni Mwanaidi Kombo, mwenye duka la vipodozi la Kilua hapa Barabara ya 12. Nakuandikia kukuomba tufanye kazi pamoja kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 1 Februari hadi tarehe 30 Aprili mwaka huu, kwa malipo ya Sh. 450,000 kila mwezi. Nimeona niweke kila kitu kwenye barua ili uisome kwa nafasi, uwaonyeshe wazee wako ukipenda, kabla hujanijibu.

Kwanza nikwambie kwa nini wewe. Mwaka jana uliposti video ukiwa dirishani na kopo la losheni mkononi, ukasogeza kamera ya simu mpaka yale maandishi madogo ya nyuma yakasomeka. Ukawaonyesha watu: hakuna jina la mtengenezaji, hakuna tarehe ya mwisho ya matumizi, viambato havikuandikwa. Ukalirudisha kopo mezani, ukasema hulipaki. Baada ya hapo wateja walianza kuingia dukani, wanachukua bidhaa na kuigeuza nyuma kabla hata ya kuuliza bei. Mmoja alikuja na simu mkononi, video yako imefunguliwa, akasoma kiambato kimoja kimoja pale kaunta huku foleni ikimsubiri. Nilifurahi sana. Mteja wa namna hiyo ndiye ninayemtaka, na wewe ndiye uliyemfundisha.

Wapo wenye wafuasi wengi kuliko wewe, na baadhi yao wameshanifuata wenyewe. Lakini nikisoma komenti zako naona watu wa Chumbageni, Raskazone, Muheza na Pangani, watu wanaoweza kupanda daladala wakafika dukani kwangu. Na wewe unawajibu. Wafuasi laki moja walioko mbali hawanisaidii kuuza.

Duka langu haliuzi mkorogo, na halitauza. Krimu za haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku nchini, lakini sote tunajua bado zinapitishwa chini ya meza, na zile zenye steroidi zinauzwa kama vile ni mafuta ya kawaida. Ngozi inang'aa wiki za mwanzo, kisha inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, jua likigusa linaunguza, na ukiacha kupaka inageuka vibaya kuliko mwanzo. Zebaki nayo haiishii kwenye ngozi, inaingia mwilini na kuharibu figo. Nimewaona akina mama wakija na vitenge vimefunika uso, wakiniomba krimu ya kurudisha ngozi waliyoiharibu. Nawaambia waende hospitali, maana dawa ya hilo haipo kwenye rafu yangu. Kwa hiyo kolabo hii sikuombi unisaidie kuuza weupe. Nakuomba unisaidie kuuza ngozi yenye afya, kwa watu wa rangi yetu.

Vitu nitakavyotaka uvionyeshe ni hivi tunavyovijua: mafuta ya nazi yanayokamuliwa Pangani, shea, liwa ya kipande na ya unga, singo ya maharusi, udi, hina ya majani, wanja, na upande wa kisasa poda na fandesheni za rangi zetu, lipstiki, kope, na krimu za kukinga jua. Vile vya kiwandani nitakuonyesha karatasi za usajili wake TBS kabla hujavigusa. Kisichokuwa na karatasi hakiingii kwenye video.

Ratiba nimeifuata kalenda ya mji wetu. Februari inatukuta ndani ya Shaabani, na unajua harusi zinavyorundikana kabla ya mfungo, kwa hiyo nataka video nne katika nusu ya kwanza ya mwezi, zote za bi harusi: singo, liwa, hina, na make-up ya siku yenyewe kwa hali ya joto la Tanga, jinsi ya kuifanya isiyeyuke kabla ya watu wa bwana harusi hawajafika. Ramadhani ikiandama tutapunguza. Mchana sitaki uhangaike kurekodi ukiwa umefunga, na watu wenyewe wanashika simu baada ya tarawehe. Video tatu zinatosha, mbili kati yake ziwe kumi la mwisho, watu wanapojiandaa kwa Idi. Baada ya Idi tumalize na tatu za matunzo ya ngozi, kwa utulivu, harusi za Mfunguo Mosi zikiwa zinaendelea. Jumla video kumi, kila moja iwe TikTok na Instagram, na uiweke na steta ya WhatsApp siku hiyohiyo. Zaidi ya hapo nakuomba siku moja kila mwezi uwe dukani kuanzia saa 8 mchana hadi saa 11 jioni, wafuasi wako waje wakuulize ana kwa ana. Mwezi wa Ramadhani siku hiyo tuihamishe usiku.

Hina niitaje peke yake, maana msimu wa Idi ndio yanapotokea madhara. Tunauza hina ya majani, na tunauza piko. Piko ni rangi ya nywele. Ina kemikali ya kuleta weusi ambayo kwenye ngozi inaweza kutoa malengelenge na kuacha kovu la ua lilelile ulilochorwa, na mtu akishadhurika mara moja, mwili wake unaweza kuikataa rangi hiyo maisha yake yote. Najua mabibi harusi wengi wanaitaka kwa sababu inakoza haraka. Ombi langu ni kwamba kwenye video zetu usichore piko mkononi mwa mtu, na hasa mtoto. Ukitaka hina ikoze, waonyeshe njia za bibi zetu: ikorogwe kwa ndimu na maji ya chai nzito, ilazwe, ipakwe na kukaa usiku kucha, asubuhi ibanduliwe bila maji na mkono upakwe mafuta ya karafuu au ya nazi. Na kwa anayetumia piko kwenye nywele, mwambie aijaribu kidogo nyuma ya sikio na asubiri siku mbili kabla ya kupaka kichwa kizima. Video hiyo moja ikifanikiwa, hata nisipouza pakiti moja ya ziada nitaridhika.

Sasa maneno yako. Yatakuwa yako. Utanitumia video siku moja kabla ili niangalie bei na majina ya bidhaa tu. Sitakwambia utabasamu hapa au usifie pale. Kama bidhaa umeitumia na hukuipenda, nijulishe, tunaitoa kwenye orodha na kuchukua nyingine, malipo yako hayapungui hata shilingi. Na kama imekudhuru au imemdhuru mtu, waambie watu, nami nitaitoa kwenye rafu nikiwa naifuatilia. Ninachokuomba na wewe ni vitu vitatu: usitumie filta kwenye video ya ngozi, usiahidi kuondoa madoa kwa siku saba au kutibu ugonjwa wowote, na kila video iandikwe mwanzoni, kwa herufi zinazoonekana, «Tangazo la kulipwa». Hilo la mwisho najua baadhi ya watu hawalipendi, wanaona linapunguza mvuto. Mimi naona wafuasi wako wamekuamini kwa sababu hujawaficha, na sitaki duka langu liwe ndilo lililokufundisha kuwaficha.

Kuhusu fedha: Sh. 450,000 kwa mwezi, nusu tarehe 1 na nusu siku ya mwisho ya mwezi, kwa M-Pesa au benki, utakavyochagua. Sheria inanitaka nikate kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo ya watengeneza maudhui, yaani Sh. 22,500, hivyo mkononi utapata Sh. 427,500, na nitakupa cheti cha makato hayo ili kisipotee kwenye hesabu zako za TRA. Utahitaji TIN. Kama huna, msichana wangu wa hesabu atakusaidia kuiomba, haina gharama. Gharama ya kukata na kuhariri video, nauli na bando la kurekodi nitaongeza Sh. 40,000 kila mwezi, tofauti na malipo. Bidhaa utakazojaribu ni zako, hazikatwi popote. Pia wafuasi wako wakitaja neno ZUU kaunta au kwenye oda ya WhatsApp watapunguziwa asilimia 10, na wewe utapata asilimia 5 ya walicholipa. Daftari la mauzo hayo litakuwa wazi kwako muda wowote.

Katika miezi hiyo mitatu nakuomba usitangaze duka jingine la vipodozi la hapa Tanga mjini. Nguo, saluni, vyakula, simu, hayo yote endelea nayo, ni riziki yako. Video zako tutazitumia kwenye kurasa zetu na kwenye skrini ya dukani kwa miezi sita, bila kuzikatakata. Uso wako hautawekwa kwenye bango, kopo wala mfuko bila makubaliano mengine na malipo yake. Yeyote kati yetu akitaka kusimamisha kazi atoe taarifa ya wiki mbili, na kazi iliyokwisha kufanyika italipwa yote. Ukipata msiba au ugonjwa, video itasogezwa, hatutadaiana.

Masharti haya nayaona ya haki, lakini wewe ndiye unayeijua kazi yako. Kama kiasi ni kidogo kwa video kumi, au kama siku za kukaa dukani zinakubana, niambie unavyoona na tuzungumze. Nitashukuru kupata jibu kabla ya Jumanne tarehe 20 Januari, ili tukikubaliana wakili atuandikie mkataba, kila mmoja abaki na nakala yake, na bidhaa zikufikie uanze kuzijaribu kabla ya Februari. Nijibu kwenye namba ileile iliyokutumia barua hii, au pita dukani siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana. Ukija, njoo na mama yako au mtu wako unayemwamini, tukae tuzungumze kwa nafasi. Kama kolabo hii haikufai, nijulishe tu bila wasiwasi, na duka litabaki wazi kwako kama kwa mteja yeyote.

Wasalaam,

Mwanaidi Kombo
Mmiliki, Kilua Vipodozi

Viambatanisho: orodha ya bidhaa na bei zake, na nakala za vyeti vya TBS