Intro ya sekunde 5 na bampa ya sekunde 2: chaneli ya Kihamba, Moshi

Intro hii haina jina la kipindi, namba, mwaka wala sauti ya mtangazaji. Kwa hiyo inafaa kipindi cha kupogoa mibuni, cha migomba na cha kusafisha mfongo, yaani mfereji wa maji ya shambani, bila kuguswa. Iwekwe baada ya dondoo ya mwanzo, kati ya sekunde ya 10 na ya 15. Isiwekwe sekunde ya 0, maana aliyefungua video ya kupogoa anataka kuona mkasi kwanza.

Picha ni 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde, jumla fremu 125 zinazohesabiwa 0 hadi 124. Umeme wetu ni hezi 50, na video zetu zote hupigwa kwa fremu 25 ili taa za ndani zisipepese. Intro ifuate hapohapo. Mdundo ni mapigo 100 kwa dakika, hivyo kila pigo ni fremu 15 kamili. Kwa mapigo 120, pigo moja ni fremu 12 na nusu, na mlio hautaikuta picha sawasawa.

MTIRIRIKO

0–14: Kijani kizito (#16281F). Mstari mweupe wa maji unaingia kutoka kushoto chini.
15–44: Mstari unapanda na kuchora mlima: Kibo kushoto, tandiko katikati, Mawenzi kulia.
45–59: Jani la mgomba linakunjuka kutoka kona ya kulia chini. Buni nyekundu inadondoka kutoka juu.
60: Buni inatua na kuwa nukta ya herufi i. Pigo la ngoma.
60–74: Neno "Kihamba" linajitokeza, herufi moja kila fremu 2.
75: Neno limetimia. Noti ya juu.
75–112: Kila kitu kimetulia. Hakuna kung'aa, hakuna kusogea.
113–124: Jani linafagia skrini kutoka kulia kwenda kushoto, nyuma yake kipindi kinaonekana.

Utulivu wa fremu 38 usipunguzwe. Ndio muda wa mtu kusoma jina, na ndio unaowezesha bampa kukatwa bila mshono kuonekana.

MAELEKEZO YA KUHUISHA NEMBO

Haya hubandikwa kwenye programu ya kuzalisha video. Yanahusu fremu 0 hadi 59 tu, yaani mlima na jani. Herufi na buni huwekwa na mhariri kwa mkono, kwa sababu programu hizi hupinda herufi kati ya fremu na fremu, na haziwezi kuitua buni pale pale inapotakiwa.

"Mchoro bapa wa pande mbili, kamera imetulia kabisa. Usuli mmoja wa kijani kizito #16281F, bila kivuli wala ukungu. Sekunde 0 hadi 1.25: mstari mwembamba mweupe #F5F1E6 unaingia kutoka kushoto chini kama maji yanayotiririka. Sekunde 1.25 hadi 3.75: mstari huohuo, bila kukatika, unachora umbo la Mlima Kilimanjaro unavyoonekana kutoka kusini. Kushoto kuna Kibo, pana, kileleni bapa, na barafu kidogo juu. Katikati kuna tandiko refu lililolala. Kulia kuna Mawenzi, fupi kuliko Kibo, yenye meno ya mwamba, bila barafu. Sekunde 3.75 hadi 5: jani moja la mgomba, kijani #4E9A3B, linakunjuka kutoka kona ya kulia chini na kusimama. Jani ni pana, lina mshipa mmoja mnene katikati na michaniko michache pembeni. Hakuna maandishi, watu, wanyama, jua, moshi wala mti mwingine."

Ukiacha sentensi yoyote ya mlima, utaletewa koni yenye ncha kali na theluji hadi kiunoni. Au Mawenzi haipo kabisa. Au mlima umegeuzwa, Mawenzi kushoto, kama unavyoonekana ukiwa upande wa kaskazini. Mtu wa Kibosho au Marangu ataona kosa hilo kabla hajasoma jina. Sentensi ya mwisho inazuia mgunga, twiga na machweo ya rangi ya chungwa, ambavyo hujiingiza kila neno Kilimanjaro likitajwa. Jani nalo likiwa na vijiti vingi vyembamba, hilo ni la mnazi. Tupa, zalisha tena.

Nyakati za kwenye maelekezo ni ndefu makusudi. Programu nyingi hutoa sekunde 5 kwa fremu 24, yaani fremu 120. Chukua kila fremu ya pili, unabaki na 60, kisha zisomwe kwa 25. Usiruhusu kihariri kibadilishe 24 kuwa 25 chenyewe: kitarudia fremu, na mstari wa maji utashtuka katikati ya Kibo.

Buni ni picha ya safu yake, rangi #C0272D. Inaanza nje ya skrini juu, inaongeza kasi, inatua fremu ya 60, inaruka juu kidogo na kutulia ndani ya fremu 6. Ikishuka kwa kasi moja itaonekana inateremshwa kwa kamba. Neno, buni na vilele vyote viwili vibaki kati ya x 420 na x 1500, ili toleo la simu la 1080 kwa 1920 lipatikane kwa kukata katikati na kuongeza usuli juu na chini.

MLIO

Faili ni ya kilohezi 48, biti 24. Fremu 0 hadi 44 ni maji ya mfongo. Rekodi mahali maji yanapodondoka juu ya jiwe, maikrofoni sentimita 30 hivi, yenye kizuia upepo. Maji yanayopita tu kwa kasi husikika kwenye simu kama redio isiyoshika stesheni. Fremu 45 hadi 59 njuga zinapanda taratibu, kisha zinanyamaza ghafla fremu 2 kabla ya pigo. Ukimya huo mfupi ndio unaoipa ngoma uzito.

Fremu 60 ni ngoma kwenye noti ya D (hezi 147). Spika ya simu haitoi vizuri sauti nzito namna hiyo, kwa hiyo juu yake weka mgongano mkavu wa kijiti kwenye ubao. Fremu 75 ni A (hezi 220) na D ya juu (hezi 294) pamoja. Mwangwi uishe kabla ya fremu 120, usimwingilie mtangazaji. Ukubwa wa jumla LUFS -16, kilele kisizidi dB -1. Mazungumzo yetu yako -14, na mlio usimfanye mtu apunguze sauti ya simu.

BAMPA

Bampa ni intro hiihii iliyofupishwa. Fremu 50: picha za 45–82, kisha 113–124.

```
ffmpeg -i kihamba_intro.mov -vf "select='between(n,45,82)+between(n,113,124)',setpts=N/25/TB" -an -r 25 -c:v prores_ks -profile:v 4 -pix_fmt yuva444p10le kihamba_bampa.mov
```

Ngoma inaangukia fremu ya 15, noti ya juu fremu ya 30. Sauti haikatwi kutoka kwenye intro, maana mkato ungekata mwangwi, tumia kihamba_bampa.wav iliyochanganywa kivyake, njuga, ngoma na noti tu, bila maji.

Faili zote mbili za picha zihifadhiwe zikiwa na uwazi. MP4 ya kawaida ya H.264 haibebi uwazi, na jani litafagia kuelekea weusi. Kwenye kihariri, intro au bampa ikae safu ya juu, na sehemu inayofuata ianze fremu 12 kabla haijaisha.