Orodha ya ukaguzi wa LC namba 24HB0613: kahawa magunia 320, Kigoma kwenda Hamburg

Kwa: Hamisi, karani wa usafirishaji
Kutoka: Dada Rehema, malipo na mikataba, Kigoma
Jumatatu, 9 Septemba 2024

Mdogo wangu Hamisi, LC ya kontena la Hamburg imefika benki Ijumaa. Nimeisoma mara tatu na kukutolea humu yale yanayokuhusu. Ichape na uibandike ndani ya jalada la mzigo huu. Weka alama ukiwa na karatasi yenyewe mkononi, si kwa kuambiwa na wakala kwamba iko tayari. Benki hailipi kahawa, inalipa karatasi. Kahawa inaweza kuwa nzuri kuliko zote zilizowahi kushuka kutoka Kalinzi, lakini neno moja likikosewa kwenye bili ya shehena, pesa za wakulima zinakwama.

TAREHE

Hizi ndizo zilizoninyima usingizi, nianze nazo.

☐ Siku ya mwisho ya kupakia melini (44C): Alhamisi, 31 Oktoba 2024.
☐ Muda wa kuwasilisha hati (48): siku 15 tangu kupakiwa, ndani ya uhai wa LC.
☐ LC inakufa (31D): Jumanne, 12 Novemba 2024, mahali: Hamburg.

Tazama hapo kwenye mahali. Hati zinatakiwa ziwe kaunta ya benki ya Hamburg siku hiyo. Zikiwa bado kwa kuria, au kwenye benki yetu Dar es Salaam, tumechelewa. Meli tuliyoahidiwa inapakia Jumamosi, 26 Oktoba. Ukihesabu siku 15 unafika Jumapili, 10 Novemba. Kanuni za UCP 600 zinasogeza siku ya kuwasilisha hadi siku ya kazi inayofuata, yaani Jumatatu tarehe 11, ila usiitegemee nafuu hiyo. Siku ya mwisho ya kupakia haisogezwi hata ikiangukia siku benki zimefungwa.

Meli ikichelewa hadi tarehe 31, hesabu ya siku 15 itakupeleka 15 Novemba, nawe utadhani una nafasi. Huna. LC itakuwa imekufa siku tatu kabla, kwa hiyo zinabaki siku 12 tu. Ndiyo maana tarehe zetu wenyewe ni hizi:

☐ 10 Oktoba: mnunuzi awe ametaja meli. Mauzo ni FOB, meli anatafuta yeye. Asipoitaja, nipigie siku hiyohiyo niombe marekebisho.
☐ 30 Oktoba: bili ya shehena iwe mkononi mwako.
☐ 4 Novemba, Jumatatu: bahasha iondoke benki ya Dar es Salaam kwa kuria. Hii usiivuke.

Nimeomba mahali pa kufia LC pawe Dar es Salaam. Mnunuzi amejibu kwa barua pepe kwamba hana shida, lakini barua pepe yake haibadilishi kitu. Mpaka benki yetu itukabidhi ujumbe wa MT707, fuata yaliyoandikwa hapa.

MZIGO NA KIASI

Maelezo ya bidhaa kwenye ankara yafanane na haya, herufi kwa herufi:

```
45A: 320 BAGS OF 60 KG NET EACH
TANZANIA WASHED ARABICA COFFEE GRADE AB
CROP 2024/2025 FOB DAR ES SALAAM
```

☐ Msimu umeandikwa 2024/2025. Kompyuta yetu ina mazoea ya kutoa 2024/25, ubadilishe kwa mkono.
☐ Thamani (32B): USD 97,920.00, sawa na kilo 19,200 kwa USD 5.10. Ankara isizidi hapo hata senti.
☐ Magunia ni 320 kamili. Ile ruhusa ya kuzidi au kupungua asilimia 5 haifanyi kazi LC ikitaja idadi ya vifungashio, na hii imetaja. Gunia likipasuka njiani Tabora, lishonwe au libadilishwe kabla ya kontena kufungwa. Yasipakiwe 319.
☐ Kugawa mzigo (43P): hairuhusiwi. Kubadilisha meli njiani (43T): inaruhusiwa.
☐ Uzito jumla: kilo 19,488, kwa gunia tupu la gramu 900. Namba hii iwe ileile kwenye hati zote zinazotaja uzito jumla. Mizani ya bandarini ikitoa nyingine, nipigie kabla hati yoyote haijachapwa.

HATI (46A)

☐ Ankara ya biashara, nakala 3, zimesainiwa. Kwa kanuni, halisi moja na kopi mbili zinatosha, lakini saini zote tatu kwa wino. Jina la mnunuzi na namba ya mkataba viandikwe kama vilivyo kwenye LC.

☐ Bili ya shehena, seti nzima, halisi 3 kati ya 3. Hapa ndipo utumie macho yako yote. Mpokeaji: kwa amri ya benki iliyofungua LC, si mnunuzi. Wa kujulishwa: mnunuzi, na anwani yake kamili. Nauli: inalipwa mzigo ukifika. Isiwe na maneno ya kulalamikia hali ya mzigo. Halafu kuna alama ya kupakiwa melini, yenye jina la meli na tarehe. Mwaka jana tulipokea bili iliyosema mzigo umepokelewa tu, haikusema umepakiwa. Nikaipitisha mimi mwenyewe, na malipo yakakaa wiki tatu huku wazee wa chama wakija ofisini kila asubuhi. Omba rasimu kwa wakala, unitumie picha kabla haijatolewa.

☐ Orodha ya vifungashio, nakala 3.
☐ Cheti cha asili kutoka TCCIA, halisi 1.
☐ Cheti cha ICO kutoka Bodi ya Kahawa, kopi 1.
☐ Cheti cha usafi wa mimea kutoka TPHPA, halisi 1. Kisiwe na tarehe inayozidi ya kupakia.
☐ Cheti cha uzito na ubora cha mkaguzi huru, halisi 1.
☐ Tamko letu kwamba kopi za hati zimetumwa kwa mnunuzi kwa barua pepe ndani ya siku 3 za kazi baada ya kupakia. Tuma kwanza, ndipo nisaini. Sisaini jambo ambalo halijafanyika.

Bima haihitajiki. Cheti cha mfukizaji nacho hakimo. Wakala akikuletea cheti hicho, kiweke kwenye jalada, usikitie kwenye bahasha ya benki.

MASHARTI YA ZIADA (47A)

☐ Kila hati iwe na namba ya LC, pamoja na vile vyeti vya serikali. Omba iandikwe unapojaza fomu, maana kurudi baadaye ni siku mbili zimepotea.
☐ Hati yenye tarehe ya kabla ya LC kufunguliwa, 2 Septemba 2024, haikubaliki. Cheti cha ubora tulichonacho ni cha 28 Agosti. Hakifai, mkaguzi apime upya.
☐ Hati zikiwa na kasoro, benki inakata USD 100.

Benki ya Hamburg ina siku 5 za kazi za kukagua tangu ipokee.

Ukishuka Dar es Salaam, beba muhuri wa kampuni na karatasi 10 zenye nembo. Mkurugenzi atakupa barua ya kusaini masahihisho kwa niaba yake. Kosa dogo la ankara lirekebishwe hapohapo kaunta, lisingoje basi la Kigoma. Kabla bahasha haijafungwa, nipigie tusomeane hati zote kwa sauti, wewe ukiwa na karatasi, mimi nikiwa na LC, hata kama ni saa mbili usiku.